Kanda ya harusi iliyoota meno ya kitana: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Majina, mji na chochote cha kumtambulisha mtu nimeviondoa, na mwenye kanda ameridhia niandike. Kanda yenyewe ni ya harusi ya pwani, katikati ya miaka ya 90, VHS ya E-180, ilirekodiwa na mpiga video wa mtaani kwa zile kamera za kubeba begani. Aliyenitafuta ni binti wa maharusi. Familia ilikuwa na shughuli ya kumkumbuka babu, na babu huyo hana picha nyingine ya kutembea duniani ila humo kwenye kanda, anashuka kwenye gari la bibi harusi, anapunga mkono, anapotea kwenye umati. Basi walitaka kuirusha kwa projekta ukumbini.

Kabla ya kufika kwangu walishaipeleka kwenye kibanda kimoja cha "kanda kwenda flashi". Wakarudishiwa faili la MP4. Kwenye simu likaonekana zuri tu, yaani hakuna aliyelalamika, maana kwenye kioo kidogo mistari ile huioni. Walipolijaribu kwenye tivi kubwa ya sebuleni ndipo shangazi mtu akauliza mbona watu wote wana manyoya. Kila kinachotembea kina meno pembeni kama kitana, na kisichotembea kiko safi kabisa.

Kijana mmoja wa ukoo anayejua kuedit akalitia kwenye programu yake, akawasha kile kitufe cha kuondoa mistari, akatoa faili jipya. Meno yakabaki, ila sasa yakawa na ukungu. Hapo ndipo dada akanipigia, "kaka, naambiwa wewe unaziweza hizi."

Meno yanatoka wapi

Niseme hili kwanza maana uamuzi wote wa baadaye unatokana nalo. Huku kwetu kanda na matangazo ya zamani ni PAL, fremu 25 kwa sekunde. Lakini kamera ya wakati ule haikupiga fremu nzima kwa mpigo, ilipiga nusu nusu. Nusu ya kwanza inachukua mistari ya namba witiri, ya pili inachukua ya namba shufwa, na hizo nusu ndizo tunaziita fildi, na upigaji huo wa nusu nusu ndio intalesi. Kila fildi ina mistari 288, mbili zikisukwa pamoja unapata 576, na kati ya fildi moja na nyingine kuna 1 ya 50 ya sekunde.

Tivi za kichogo zilikuwa zinachora fildi moja, halafu inayofuata, moja moja kwa zamu, kwa hiyo hukuwahi kuziona mbili kwa wakati mmoja. Kompyuta na tivi bapa zinachora mistari yote 576 kwa pamoja. Sasa chukua lile gari la bibi harusi linalokatiza skrini. Skrini ina upana wa pikseli 720, gari lilitumia kama sekunde 3 kuikata yote, hiyo ni pikseli 240 kwa sekunde, gawa kwa 50 unapata karibu 5. Maana yake mstari mmoja unaonyesha ukingo wa mlango hapa, na mstari wa chini yake unauonyesha pikseli 5 mbele, kisha unarudi nyuma, kisha mbele tena, mpaka chini. Hayo ndiyo meno. Ukuta haujatembea, kwa hiyo fildi zote mbili zinakubaliana na meno hayapo.

Kwa hiyo meno sio uchafu wa kufuta. Ni nyakati mbili zimesukwa kwenye picha moja, na kazi ni kuzifumua, kila mstari urudi kwenye wakati wake, halafu ujaze mistari iliyokosekana. Kitu hicho kinawezekana mradi mistari ipo kama ilivyosukwa.

Faili lilivyofika

Nikalifungua, nikaenda moja kwa moja pale gari linapofika, nikasimamisha, nikakuza mara 4. Siku zote naanzia sehemu yenye kitu kinachokatiza skrini kwa mlalo, sio uso wa mtu aliyekaa, maana uso uliotulia hautakwambia kitu.

Meno ya kweli ukiyakuza yanakuwa ya mstari mmoja mmoja, makali, sawa kwa sawa, mithili ya ukili uliosukwa vizuri. Haya hayakuwa hivyo. Jino moja nene, linalofuata jembamba, la tatu limechanganyika na jirani yake likawa kijivu, halafu mpangilio unajirudia. Nikaangalia vipimo vya faili, 1280 kwa 720. Nikajua tumekwisha.

Jamaa wa kibanda alikamata picha, yaani aliitoa kwenye kanda akaiingiza kwenye kompyuta, halafu akaikuza kutoka mistari 576 kwenda 720 ili ionekane ya HD, na akaivuta pembeni ijae skrini pana, ndiyo maana maharusi walikuwa wanene. Aliikuza bila kufumua fildi kwanza. Sasa kutoka 576 kwenda 720 ni kila mistari 4 kufanywa 5, na programu inapotengeneza ile mistari 5 inachanganya majirani, mstari wa fildi ya kwanza na mstari wa fildi ya pili, rangi zao zinaingia chungu kimoja. Baada ya hapo huna tena mstari unaoweza kusema huu ni wa wakati fulani. Kila mstari una kidogo cha huku na kidogo cha kule.

Ndiyo maana kile kitufe cha yule kijana hakikusaidia kitu. Programu ilichukua mstari mmoja ikaruka mmoja ikidhani inatenganisha fildi, kumbe inatenganisha uji.

(Angalizo dogo: sio kila faili lenye mistari mingi ni bovu. Matangazo ya HD yanaweza kurushwa 1080 ya intalesi halisi, na hayo yanafumuka vizuri tu. Ila VHS yenye urefu wa 720 na meno juu yake, hiyo imeshapikwa.)

Uamuzi wa kwanza: kugoma

Dada alitaka nilitengeneze lile faili, kwa sababu mbili. Alishalipia, na kanda ilikuwa kwa mjomba mji mwingine, ndani ya kasha, na mjomba hapendi kanda itoke nje ya nyumba. Akaniuliza, je huwezi kulirudisha kwenye 576 halafu ukaendelea? Swali zuri na wengi wanaliuliza. Kinadharia ukijua hesabu kamili iliyotumika kukuza unaweza kujaribu kuigeuza. Ila hili lilishaminywa kuwa MP4 la biti ndogo baada ya kukuzwa, na kuminya huko kulikula hasa vile vijistari vyembamba ambavyo ndivyo ningevihitaji. Nilijaribu kwa sekunde 10 nimuonyeshe, ikatoka picha yenye mizimu, mlango wa gari una kivuli chake pembeni.

Nikamwambia ukweli, dada, hapa ninachoweza ni kulififisha meno yasionekane sana, na babu atafifia nayo. Kama kanda ipo, ileteni kanda. Ilichukua wiki nzima ya simu mpaka mjomba akakubali, na ilikuja kwa basi imeviringwa kwenye kanga ndani ya boksi la biskuti, na kijana wa kuisindikiza.

Kukamata upya

Kanda haikuwa na ukungu, niliizungusha mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja ili ikae sawa kwenye magurudumu yake. Deki ninayo moja nzima. Nilikamata kwa mambo mawili ambayo sikuyapa nafasi ya majadiliano, mistari ibaki 576 kama ilivyo, na faili liwe la kodeki isiyopoteza kitu, mi natumia HuffYUV. Kanda ya saa 2 na dakika 10 ikala gigabaiti 74. Watu wakisikia hiyo namba wanaruka, lakini hili ni faili la kazi, ukimaliza unaliweka kwenye diski ya nje au unalibana kwa FFV1, kodeki nyingine isiyopoteza kitu.

Nikalikata vipande 7 vya dakika 20 hivi, cha mwisho kifupi. Sababu ni umeme tu. Kazi ya kurenda usiku kucha umeme ukikatika saa 11 alfajiri unaanza moja, ila ukiwa na vipande unapoteza kipande.

Kujua fildi ipi inatangulia

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na faili zuri. Fildi mbili ndani ya fremu, ipi ilipigwa kwanza, ya juu au ya chini? Ukikosea, programu itafumua mistari sawasawa lakini itapanga nyakati kinyume, na kitu kinachotembea kitaenda mbele, kitarudi nyuma kidogo, kitaenda mbele, kama mtu anayetetemeka kwa homa. Meno hayapo lakini picha haitazamiki.

Wengi wana kanuni ya kichwani kwamba PAL ni juu kwanza. Kwa vifaa vingi vya kukamata VHS ni kweli, ila kanda za kamera za DV zinaanza chini, kwa hiyo usikariri, pima. Nilikata dakika moja ya gari na umati, fremu 1500, nikaiita `gari.avi`, nikaipitisha kwenye ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

```
ffmpeg -i gari.avi -vf idet -an -f null -
```

Mwishoni inakupa mstari wa `Multi frame detection`. Kwangu ilisoma TFF 1312, BFF 9, Progressive 41, Undetermined 138. TFF ni fildi ya juu kwanza, BFF ni ya chini kwanza, kwa hiyo juu imeshinda kwa mbali. Zile 138 sio tatizo, ni pale kamera ilipotulia na programu haina cha kulinganisha. Ukipima kwenye sehemu ya hotuba watu wamekaa utapata karibu zote hazijulikani, na usije ukadhani video yako haina intalesi.

Halafu sikuiamini peke yake, nikazitenganisha fildi niziangalie kwa macho:

```
ffmpeg -i gari.avi -vf setfield=tff,separatefields -c:v ffv1 fildi.mkv
```

Unapata picha zilizobonyea, za mistari 288, unazisogeza moja moja kwa kitufe. Nikaweka kidole kwenye skrini pale kioo cha gari kilipo, nikabonyeza, nikabonyeza. Kioo kikawa kinasogea upande mmoja tu bila kurudi. Sawa, juu kwanza. Zoezi hili ni dakika 2 na lingeniokoa baadaye kama ningelirudia, nitafika huko.

50 au 25

Yule kijana wa kuedit alitaka itoke fremu 25, anasema ndiyo "sinema", na faili linakuwa dogo. Mi nilitaka 50. Hoja yangu ni kwamba kanda ina nyakati 50 kwa sekunde, kila fildi ni wakati wake, ukitoa 25 unatupa nusu ya mwendo uliorekodiwa.

Hatukubishana kwa maneno. Nilichukua kipande cha taarabu, shangazi mmoja anamtunza mwimbaji, noti mkononi, mkono unapanda na kushuka na kiuno nacho hakikai, nyuma kuna feni la ukutani linazunguka. Nikakitoa mara mbili kwa `bwdif`, kichujio cha kufumua fildi ambacho ni cha haraka na kinafaa kujaribia:

```
ffmpeg -i taarabu.avi -vf bwdif=mode=send_field:parity=tff:deint=all -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p jaribio50.mp4
```

Ya 25 ni hiyohiyo ila `send_frame`. Tukaziweka kwenye tivi moja baada ya nyingine. Ya 25 mkono wa shangazi unaruka kituo kwa kituo. Ya 50 mkono unatiririka, inaonekana kama ile tivi ya nyumbani zamani, na mama mzazi wa dada aliyekuwepo hapo akasema "eeh, hivi ndivyo ilivyokuwa". Kijana akanyamaza. Tukaenda na 50.

Ila jaribio hilo lilionyesha kasoro ya `bwdif` pia. Mpiga video aliandika majina ya maharusi kwa maandishi ya njano chini ya skrini, na ile mistari ya kulala ya herufi ilikuwa inacheza juu chini, hali kadhalika ukingo wa meza na mabenchi. Ni kwa sababu mstari mwembamba wa kulala unaweza kuwa ndani ya fildi moja tu, kwa hiyo mara upo mara haupo, 50 kwa sekunde. Kwa kazi ya kurushwa ukutani ile mitetemo ingeudhi. Ndiyo maana kwa toleo la mwisho nilitumia QTGMC, kichujio kizito zaidi cha kufumua fildi kinachoendeshwa kwa skripti za AviSynth, kinachofuata mwendo wa kila kipande cha picha kwenye fildi za mbele na za nyuma na kutuliza kucheza huko. Gharama yake ni muda. Laptopu yangu ilitoa kama fremu 8 kwa sekunde, kanda nzima ikiwa fremu 390,000, gawa mwenyewe, ni saa 13 na nusu.

Usiku nilioharibu

Hii ndiyo sehemu ninayoona aibu lakini ndiyo yenye faida.

VHS huwa na uchafu chini ya picha, mistari kadhaa iliyopinda pale vichwa vya deki vinapobadilishana, na huwa na weusi juu na pembeni. Tivi za zamani zilificha hayo nyuma ya fremu ya kioo. Nikasema ngoja niukate mapema, QTGMC isipoteze muda kuhesabu uchafu. Weusi wa juu ulikuwa mistari 3, wa chini 9 pamoja na ule uliopinda. Nikakata vipande vyote kwa `crop=704:564:8:3`, nikavilisha kwenye skripti yenye `AssumeTFF()`, nikalala.

Asubuhi vipande 3 vimeisha, cha nne kiko njiani. Nikafungua cha kwanza, hakuna meno hata moja, herufi za njano zimetulia, nikafurahi. Nikasogea mpaka gari. Gari linatetemeka. Mbele, nyuma, mbele. Nikadhani laptopu imechoka haiwezi kucheza, nikahamishia kwenye tivi, vilevile.

Nilizunguka saa nzima kabla ya kuelewa. Mistari 3 juu. Ukikata idadi witiri ya mistari kutoka juu, mstari uliokuwa wa pili, wa nne, unakuwa sasa ndio wa kwanza. Fildi ya chini imekuwa fildi ya juu. Mpangilio wa faili umegeuka kuwa chini kwanza, na skripti bado inasema juu kwanza kwa sababu ndivyo nilivyopima, nilipima kabla ya kukata. Nikapitisha `idet` kwenye faili lililokatwa kuhakikisha, BFF imejaa, TFF karibu hakuna.

Kama ningekata mistari 2 au 4 nisingejua kamwe kwamba nilikuwa naenda pembezoni mwa shimo. Na rangi ingekuwa 4:2:0, ambapo mistari miwili inashirikiana rangi, huenda programu yenyewe ingenisogeza kwenye namba shufwa bila kuniambia, ila HuffYUV yangu ilikuwa 4:2:2, ambapo kila mstari una rangi yake na unaruhusiwa kukata mstari wowote, ikanitii.

Ningeweza kubadilisha skripti iseme `AssumeBFF()` nikaendelea, ingefanya kazi. Nikaona hapana, nianze na faili lisiloguswa na nikate mwishoni, fildi zikishafumuliwa, maana hapo kila fremu ni nzima na unakata unavyotaka:

```
AviSource("harusi_01.avi")
AssumeTFF()
QTGMC(Preset="Slow")
Crop(8, 4, -8, -12)
```

Usiku mmoja wa umeme umepotea. Safari hii nilirenda sekunde 20 za gari kwanza, nikaangalia, ndipo nikawasha vipande vyote.

Dakika nane za jamaa wa ng'ambo

Katikati ya kanda kuna salamu za ndugu aliyekuwa anaishi Marekani, alituma kanda yake na studio ikaiunganisha. Marekani ni NTSC, fildi karibu 60 kwa sekunde, na studio ya wakati ule iliigeuza kuwa PAL kwa mashine iliyochanganya fildi jirani ili 60 zitoshe kwenye 50. Kwa hiyo sehemu hiyo ilishakuwa uji tangu miaka ya 90, ndani ya kanda yenyewe.

QTGMC iliondoa meno, sawa, lakini ukisimamisha picha ndugu ana mikono miwili ya kulia, mmoja umefifia. Nilijaribu mipangilio tofauti kwa nusu siku. Hakuna ulioziondoa, kwa sababu ile mizimu haiko kati ya fildi mbili, iko ndani ya fildi moja, hakuna cha kufumua. Nikamweleza dada kabla hajaiona, akasema yule ndugu mwenyewe hata hawasalimiani siku hizi, iache.

Matokeo

Faili la mwisho lilitoka fremu 50 kwa sekunde, 704 kwa 560 likavutwa upana mpaka 768 ili maharusi warudi wembamba wao. Nilitengeneza pia toleo la 1080 ya fremu 50 kwa ajili ya projekta, likagoma kwenye kifaa cha ukumbi, sauti inatoka picha imeganda, kifaa kilikuwa cha zamani hakiwezi mzigo huo. Bahati tulijaribu siku moja kabla. Lile dogo la 768 likacheza bila tatizo, na kwa VHS hakuna aliyeona tofauti, maana undani wenyewe haukuwepo wa kujaza 1080.

Gari likafika, mlango ukafunguka, ukingo wake mstari mmoja ulionyooka. Babu akashuka.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kurudi kwenye kanda, na hilo halikuwa la kiufundi, lilikuwa simu za wiki nzima kwa mjomba. Ningekubali kulitengeneza lile faili la kibanda ningetoa kazi mbaya na ningelaumiwa mimi. Ishara ya kugoma ilikuwa wazi ndani ya dakika 5, meno yenye unene tofauti na urefu wa 720. Ukiona hivyo usijaribu programu ya pili na ya tatu, zote zinahitaji mistari ambayo haipo.

Kujaribu kwa kipande cha shangazi na noti kulimaliza ubishi wa 25 na 50 bila mtu kukasirika. Ila nikiri kwamba kama kanda ingekuwa ya filamu ya sinema iliyorushwa kwenye tivi, kijana angeshinda. Filamu kwenye matangazo ya PAL fremu zake ni nzima, fildi zote mbili zinatoka kwenye wakati mmoja, na ukiipitisha kwenye QTGMC unaharibu kitu ambacho hakikuhitaji kufumuliwa. Hii yetu ilipigwa na kamera ya video, ndiyo maana 50 ilikuwa jibu.

Kosa langu na kosa la kibanda ni ndugu wa tumbo moja, na hilo ndilo linalonikera. Nilimcheka jamaa kwa kukuza picha kabla ya kufumua, halafu mimi nikaikata kabla ya kufumua. Yake haikurekebishika kwa sababu alichanganya mistari, yangu ilirekebishika kwa sababu niliihamisha tu bila kuichanganya, lakini chanzo ni kimoja, wote tuligusa urefu wa picha wakati fildi bado zimesukwa. Kuzungusha picha, kupunguza makelele kwa kichujio cha kawaida, kutuliza mtikisiko wa kamera, hata kugeuza rangi kwenda 4:2:0 bila kuiambia programu kwamba ni intalesi, yote hayo yana hatari hiyohiyo. Sasa skripti yangu inaanza na fildi, kila kitu kingine kinakuja chini yake.

Na kosa la pili ndani ya lile la kwanza, nilipima kitu kimoja nikarenda kingine. Kipimo cha `idet` kilikuwa sahihi kwa faili nililolipima, ila lililoingia kwenye skripti lilikuwa jingine. Sekunde 20 za gari, jioni ile, kabla ya kulala, zingeonyesha mtetemo ule. Nilikagua herufi za njano, nikaridhika, na herufi hazitembei.

Kanda imerudi kwa mjomba ndani ya boksi lilelile la biskuti. Faili la gigabaiti 74 nimewabania kwa FFV1 kwenye diski na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: JUU KWANZA, USIKATE.